Mvua ya Joram

Jumamosi, siku moja kabla ya ibada ya kumkumbuka mume wangu Joram, Wanyonyi, kiongozi wa kwaya, alituambia kwamba solo ya wimbo alioutunga yeye tungeijaribu wawili, mimi na Lorine. Niliona ajabu. Mimi ndiye mjane. Lorine ni msichana tu wa sauti ya kwanza, ambaye Joram alimfundisha kwa miaka mitatu.

Nilianza. Mwanzo umeandikwa adagio, nikaimba polepole. Chini yake kuna piano, nikaimba kwa sauti ndogo. Nilipofika kwenye crescendo nilimtazama Lorine, nikaiachilia sauti yote kwa mara moja, na mwendo nao ukapanda.

Wanyonyi aliinua mkono kunisimamisha.

"Mama Naswa, umefika kabla hujaondoka. Crescendo inaongeza sauti kidogo kidogo. Haiongezi mwendo. Bado tuko kwenye adagio mpaka ukurasa wa pili, palipoandikwa allegro. Hapo ndipo tunachangamka."

"Alikuwa anawahi feri ya Luanda Kotieno," Oyugi wa besi akasema. Watu wakacheka.

Lorine hakucheka. "Mama, Mwalimu alikuwa anasema crescendo ni mvua inayotoka ziwani. Unaisikia kwa mbali kwenye mabati ya Dunga, halafu inakuja nyumba kwa nyumba, mpaka inafika juu yako. Haikimbii. Inakaribia tu."

Nilishika kiti. Maneno hayo Joram aliniambia mimi, tukiwa wawili barazani, mvua yenyewe ikija.

"Alikuambia lini?"

"Alituambia sisi wote, Mama."

"Hata mimi," Oyugi akasema. "Mara ngapi! Hiyo mvua imetunyeshea sana hapa."

Lorine akaimba. Mvua ikaja nyumba kwa nyumba. Solo ikawa yake, na hakuna aliyehitaji kutangaza hilo.

Jumapili nilisimama na sauti ya pili. Kwenye crescendo sisi tunaingia chini ya solo, kwa piano. Nilijua kwamba nikiinua sauti mapema nitamfunika, na kanisa zima litanisikia mimi. Koo lilikuwa tayari. Lakini wimbo ungeharibika, na wimbo ulikuwa wa Joram. Nikashuka, nikapanda pamoja na wenzangu, hatua kwa hatua, mpaka allegro ikatushika sote na watu wakaanza kupiga makofi.

Baada ya ibada Lorine alinijia nje, macho mekundu.

"Asante, Mama. Ulinibeba."

"Na adagio," nikamuuliza, "alikufundishaje?"

Akafikiri. "Alisema tu ni polepole, kwa utulivu. Basi."

"Basi?"

"Basi, Mama."

Nikamshika mkono, nikamwambia aende akale. Adagio mimi nilifundishwa kwa miguu, tukitoka soko la Pap Onditi kwenda kwa dada yake, mwaka tuliooana. Joram alihesabu kwa sauti, akanikataza kuharakisha, mkono wangu ukiwa mfukoni mwa koti lake.

Lorine aligeuka kuniangalia, kana kwamba anangoja niseme kitu. Nikaanza kutembea kwenda nyumbani, polepole, nikihesabu kimoyomoyo.