Wiki Tisa Upande Mchafu

Chumba cha kufulia cha hospitali yetu kina ukuta katikati. Upande huu tunapiga pasi na kukunja. Upande ule tunauita upande mchafu, kwa sababu ndiko mashuka yanakofika kwenye magunia yakiwa na damu, matapishi na mambo mengine yasiyo na haja ya kutajwa. Humo ndimo sindano zinamojificha. Anayechambua huingiza mkono bila kujua utakutana na nini.

Ndiyo maana tulikuwa na desturi yetu. Kila Jumatatu, kabla mashine hazijawashwa, wanawake kumi na wanne tulizunguka meza ya kukunjia, na wale wawili ambao zamu ya upande mchafu imewaangukia wiki hiyo walisema, "Niombeeni." Mimi niliandika jina na tarehe kwenye daftari la maombi, tukasali, tukaingia kazini. Wengine nao walileta yao: mtoto mgonjwa, ndoa inayoyumba, majibu ya maabara. Vyote viliingia humo humo.

Tarehe walinicheka nazo. "Mama, kwani Mungu anasahau siku?" Kicheko aliuliza. Huyu ndiye mdogo wetu kazini, na jina lake linajieleza.

"Mungu hasahau. Nasahau mimi," nilimjibu. Marehemu mume wangu alikuwa mtunza stoo, na alizoea kusema kwamba neno lisilo na tarehe ni uvumi.

Basi siku moja sindano ikapita kwenye glavu ya Kicheko kama inapita kwenye karatasi. Nikaandika lalamiko rasmi kwamba glavu tunazopewa ni nyembamba na msimamizi wetu ameambiwa mara tatu. Nilisoma hadi darasa la saba tu, lakini kurasa mbili zilinitosha. Nikapeleka ofisi ya utumishi, nakala yangu ikagongwa muhuri.

Wakati huo nilikuwa nakaimu uongozi wa zamu kwa miezi minane. Msimamizi mwenyewe, tunayemwita Pasi Moto kwa jinsi anavyotoa mvuke akikasirika, alikuwa ameandika kwenye tathmini yangu: "Anafaa kuthibitishwa."

Siku tisa baada ya lalamiko, ratiba mpya ikabandikwa. Jina langu lilikuwa upande mchafu, na siku yangu ya mapumziko, ambayo ndiyo siku ya ibada, imehamishwa. Nikasema sawa, zamu ni zamu. Wiki ya pili, jina langu. Ya tatu, jina langu. Wenzangu walibadilishana kuja kufanya na mimi, mimi nikabaki kama kigingi. Ukaimu akapewa mwingine. Usaili wa cheo ulipokuja nikaambiwa sikuitwa kwa sababu "sina ushirikiano."

"Mama Mkubwa," Pasi Moto aliniambia mlangoni, "wewe si ndiye uliyehangaikia upande mchafu? Nimekupa ukauangalie vizuri."

Alitamka hayo tukiwa wawili tu. Watu wa aina hiyo huchagua pa kusemea.

Mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi ni Fundi Boila, mzee anayelinda mitungi ya mvuke. Nilimweleza. Akafuta mikono taratibu, akasema, "Dada, usithubutu kugoma. Ukikataa zamu, kesi itakuwa ya kugoma kwako, na yeye atakuwa amepona. Ingia, fanya kazi, andika. Tutaleta lalamiko la pili, la kulipiziwa kisasi."

"Na kama la kwanza la glavu halijaamuliwa?"

"Hata lingeshindwa. Ulilalamika kwa nia njema, basi. Hawaruhusiwi kukuadhibu kwa kulalamika."

Nikaingia. Wiki ya tano, ya sita, ya saba. Binti yangu aliniona nikisugua mikono kwa ndimu akasema, "Mama, acha hiyo kazi, mimi na mkweo hatutashindwa kukulisha." Nikamwambia, "Nikiondoka leo, mtu mwingine hatalalamika tena mle ndani." Alinikatia ndimu nyingine.

Wiki ya nane kikao cha lalamiko la pili kikakaa. Afisa utumishi, mama wa miwani asiyetabasamu wala kununa, alinisikiliza hadi mwisho.

"Msimamizi anasema upande mchafu ni mzunguko, na kuna wengine waliokaa wiki nyingi kama wewe. Ratiba za zamani ziko wapi?"

"Ikipita tunatupa," Pasi Moto alisema. "Pale ni kufulia, si makumbusho."

Nikasema mimi ninazo. Nikaeleza daftari: miaka miwili ya Jumatatu, majina mawili mawili, na kabla ya lalamiko langu hakuna aliyerudi upande mchafu kabla ya wiki saba.

Afisa akanyoosha mkono. "Nilione."

Lilikuwa kwenye mkoba, magotini pangu. Nikaushika mkoba na sikuufungua. Kwenye kurasa zile zile mlikuwa na majibu ya maabara ya mtu na machozi ya ndoa ya mtu.

"Siwezi, bosi. Si langu peke yangu."

Pasi Moto akacheka puani. "Ushahidi unaombewa lakini hauonekani."

"Bila kuuona siwezi kuutumia," afisa akasema. "Nakupa wiki moja."

Jumatatu iliyofuata, nikiwa na wiki ya tisa, nilisimama kwenye meza ya kukunjia. Nikawaambia, "Daftari halitatoka mkononi mwangu. Lakini kila mtu anaweza kusoma mistari yake ya upande mchafu, ainakili kwa mkono wake na atie sahihi. Mengine yatabaki hapa. Asiyetaka, sitamnunia."

Mpiga pasi wa mashine kubwa, mwanamke asiyesema kitu tangu asubuhi hadi jioni, akavuta kalamu nyuma ya sikio lake. "Lete. Mimi niliomba kwa sauti, siwezi kuandika kwa woga."

Walinakili kumi na moja. Kicheko hakunakili. Aliinamisha kichwa akakunja shuka lile lile mara tatu. Nilifahamu: ana mkataba wa miezi mitatu mitatu. Sikumnunia.

Kwenye kikao cha pili afisa alipanga zile karatasi mezani kwa tarehe. Akaweka kando lalamiko langu lenye muhuri na ile tathmini.

"Kabla ya lalamiko, hakuna aliyefanya wiki mbili mfululizo," alimwambia Pasi Moto. "Baada yake, mmoja amefanya tisa. Nipe sababu isiyokuwa lalamiko."

Pasi Moto alisema mahitaji ya kazi. Akaulizwa mahitaji gani. Akasema ushirikiano. Akaulizwa mbona mwezi mmoja kabla ya lalamiko aliandika ninafaa. Fundi Boila, kando yangu, alikuwa akikata kucha kwa kucha.

Uamuzi ulikuja kwa barua. Nirudishwe kwenye mzunguko na siku yangu ya ibada. Usaili urudiwe na watu wengine, Pasi Moto asiwemo. Ratiba zote zitunzwe kwenye faili. Yeye kesi yake ya nidhamu ilipelekwa juu, sijui itaishaje. Cheo sijapata, nimeitwa kwenye usaili tu, kama wengine. Ndicho nilichodai.

Jumatatu iliyofuata barua, zamu ilimwangukia Kicheko. Alisimama mbele ya meza, amevaa glavu mpya nene zilizofanya mikono yake iwe kama ya bondia, macho chini.

"Niombeeni," alisema. Nikaandika jina lake. Nilipotaka kufunga daftari, akaliwekea kidole.

"Mama, tarehe. Usisahau tarehe."