Sweta Haikutajwa

Mwalimu mkuu alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima, ndiyo maana wanafunzi walimbatiza jina la Kengele. Asubuhi ya Jumatatu hiyo alimsomea karani hotuba yake ya gwaride kwa madaha, kama mtu aliyekwisha kupigiwa makofi.

"'Ijumaa, mwenzenu mmoja, ambaye simtaji jina, alitupiwa sweta yake chooni...'"

"Ishia hapo, Mwalimu," karani akasema. "Shule hii ina sweta ngapi zilizotupwa chooni Ijumaa?"

Kengele akaishusha karatasi, akakitazama kiti cha wageni cha ofisi yake. Ijumaa, baada ya masomo, binti wa darasa la sita alikaa kwenye kiti kile pale na sweta iliyolowa ndani ya mfuko wa plastiki. Aliandika yaliyompata kwa mwandiko uliolala kushoto, na kabla ya kuondoka akasema, "Wakijua nimesema, mimi hapa sirudi." Hakuwa na mzaha. Mama yake alikuwa ameshaulizia nafasi shule nyingine. Nao waonevu wasingeguswa bila mtu mwingine kusema, maana neno la mtoto mmoja lingewapeleka moja kwa moja kwake.

"Si kuna sanduku la ripoti hapo nje?" Kengele akajitetea.

"Lina mwaka mzima, na lilichowahi kupata ni ganda la pipi. Dada yangu, limetazamana na madirisha ya darasa la saba! Anayelisogelea anaonekana na watu sitini. Halafu na macho yako hayo: ukiwa na jambo la mtu, unamkodolea mpaka anataka kuyeyuka."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Akaifuta sweta. Akafuta Ijumaa. Akafuta na choo.

Gwaridani aliyakaza macho kwenye mlingoti wa bendera kama aliyekabidhiwa kuulinda.

"Leo simzungumzii mtu yeyote," akaanza. "Nazungumza na kila aliyewahi kuona mwenzake anasukumwa, anatukanwa, anatengwa au ananyang'anywa kitu, akageuza uso. Najua mnaogopa kuitwa wachongezi. Mchongezi anataka mwenzake achapwe. Anayeripoti anataka mwenzake awe salama. Hivyo ni vitu viwili."

Kikohozi kikapita mistarini. Akaendelea.

"Mkiingia darasani, kila mmoja atapewa karatasi. Kila mmoja! Usiandike jina lako. Usiandike jina la aliyeonewa. Andika kilichotokea, wapi, lini na nani alikifanya. Andika ulichokiona, si ulichosimuliwa. Kama huna la kusema, andika chakula unachokipenda, mistari mitatu, ili kalamu zote ziende sawa. Kunja mara mbili. Nitapita na ndoo mwenyewe, na sitatafuta mwandiko wa mtu."

"Na kama ni mimi ninayeonewa?" sauti ndogo ikauliza kutoka nyuma. Kengele hakugeuka kumtafuta.

"Basi njoo kwangu, kwa karani, au kwa mwalimu yeyote unayemwamini. Sitakudanganya kwamba nitanyamaza kabisa. Ukiwa hatarini nitamwambia anayeweza kukusaidia, na wewe utajua kwanza ni nani. Hakuna mwingine. Na anayeandikwa kwenye karatasi hahukumiwi na karatasi. Nitamsikiliza naye."

Mchana, yeye na karani waliimwaga ndoo mezani. Wali ulishinda kwa mbali. Mmoja aliandika, "Mwalimu, punguza sauti." Karani alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha ripoti zikaanza kujitokeza. Ya kwanza: wasichana watatu wa darasa la saba, choo cha mwisho, Ijumaa baada ya mapumziko. Ya pili hivyohivyo. Mpaka wanakaribia chini ya rundo walikuwa na tisa, za miandiko tofauti, na majina ni yaleyale matatu. Kengele akashusha pumzi ndefu. Sasa angeweza kuwaita mmoja mmoja, pamoja na wazazi wao, na wakiuliza nani kasema, ajibu bila kusema uongo: wengi.

"Yule binti hajatajwa hata mara moja," akasema.

Ilibaki karatasi moja. Mwandiko wake ulikuwa umelala kushoto. Hakuutafuta, kama alivyoahidi. Ulikuja wenyewe.

"Kuna mtoto wa darasa la pili. Kila siku saa nne, bombani, mvulana mkubwa anamwaga maji yake na kumsukuma. Nimeona mara tatu. Jina la mtoto silitaji. Tafadhali nendeni mkasimame pale. Kesho nikija nitaangalia kama mko."

Kengele akaisoma neno kwa neno mpaka mwisho, akarudi kwenye lile moja: nikija.

Kesho yake, saa nne kasorobo, alikuwa bombani na kikombe chake, akitazama maji.