Mtungi wa Gathii

Gathii aliamka kabla ya majogoo, ingawa kwa kweli hakuwa amelala. Alikuwa amegeuka kitandani usiku mzima akisikiliza mvua, akiwaza kama mwendesha boda angefika, kama njia ya Kitale ingepitika, kama ng'ombe wangekubali tena mikono yake. Mama yake alikuwa Bokoli kumwangalia dada yake Gathii aliyejifungua, na asubuhi hiyo ya kwanza ya kuuza maziwa ilimkuta Gathii peke yake na ng'ombe wawili. Alikuwa ameacha kuuza vifuniko vya simu Bungoma ili aje kufanya kazi hii. Alitaka ianze vizuri, tena ianze upesi.

Zizi lilikuwa tope tupu. Alianua kitambaa kilichokuwa kimeanikwa mlangoni, akafuta kiwele cha ng'ombe wa kwanza, kisha akafuta cha wa pili kwa kitambaa hicho hicho. Mikono aliipangusa kwenye suruali. Ng'ombe mmoja alirusha mkia na matone ya tope yakaingia kwenye ndoo. Gathii akayatoa kwa kidole, akaendelea kukama. Jikoni, karibu na jiko ambalo bado lilikuwa na makaa, kulikuwa na mtungi wa plastiki wenye maziwa ya jana jioni. Aliyanusa haraka, hakuona neno. Akamimina ya asubuhi juu yake hadi mtungi ukajaa, na kuuona umejaa kulimfurahisha.

Kipkirui, mwendesha boda, alichelewa. Gathii alisimama barabarani, akaketi, akasimama tena. Walipofika kwenye kituo cha ushirika cha kupozea maziwa, jua lilikuwa limeshatoka na foleni ilikuwa ndefu. Wengine wote walikuwa na mikebe ya alumini. Aligundua hilo, akauficha mtungi wake nyuma ya miguu.

Aliyekuwa akipima maziwa ni mwanamke aitwaye Lenah, mwenye koti jeupe na maneno machache. Alifungua mtungi, akainama kunusa. Alichota maziwa kidogo kwenye kichupa, akatia spiriti kiasi hicho hicho, akatikisa. Vipande vidogo vyeupe vikashika kwenye kioo, kama unga uliovurugwa vibaya.

"Haya siwezi kupokea," alisema.

Gathii alidai kwamba ng'ombe wake ni wazima, kwamba hakutia hata tone la maji. Lenah alimjibu kwamba hakuna aliyesema ametia maji. Akamuuliza maziwa ya jioni yalilala wapi, na Gathii akasema jikoni. Akamuuliza kama aliyachanganya na ya asubuhi. Gathii akainama kutafuta kifuniko cha mtungi.

Lenah alinyoosha kidole kwenye tangi kubwa lililokuwa likinguruma nyuma yake. "Haya yanaenda Bungoma, yanafika huko mchana. Maziwa yakitoka kwa ng'ombe yana joto, na vijidudu vinapenda joto. Vinaingia kwa mikono, kwa kitambaa, kwa mtungi wenye mikwaruzo, halafu vinazaana usiku kucha. Ya asubuhi yalikuwa mazuri, wewe ukayaweka juu ya yaliyoharibika. Nami nikiyaweka kwa tangi, nitakuwa nimefanya kama wewe, lakini kwa maziwa ya watu wote."

Watu nyuma yake walikuwa wakisogeza mikebe. Gathii aliubeba mtungi akatoka, masikio yakiwaka moto. Alimwona yule mwanamke kuwa mtu wa madharau tu. Maziwa yalikuwa meupe, si yalikuwa meupe kabisa?

Kipkirui alimshauri asihangaike bure. Hoteli za mjini hazina mambo ya vichupa, alisema. Kuna hata watu wanaotia magadi kidogo yasionekane yamechacha. Magadi Gathii aliyakataa. Lakini hoteli hakuikataa, akapanda boda.

Karibu na msikiti kulikuwa na hoteli ya Zaitun, ambaye kila mtu alimwita Mama Nasir. Alimfahamu mama yake Gathii, na zamani alimwambia Gathii kwamba akianza kuuza maziwa asimsahau. Walipofika, sufuria kubwa ya maziwa ya chai ilikuwa tayari inapata moto, na madereva wa malori walikuwa wameketi mbele ya mandazi wakingoja. Mama Nasir alifurahi kumwona. Maziwa yalikuwa hayamtoshi asubuhi hiyo, na kwa haraka yake hakunusa wala hakuchemsha kidogo pembeni kama kawaida yake. Alichukua mtungi mwenyewe, akaanza kumimina.

Gathii aliyaona maziwa yakishuka. Alijiambia kwamba pengine hayatafanya kitu, na kwa muda mfupi hayakufanya. Kisha mvuke ulipozidi, uso wa sufuria ukachafuka. Mabonge yakajikusanya, maji ya kijani kijani yakabaki pembeni, na harufu kali ya uchachu ikafika hadi kwenye meza. Dereva mmoja akasukuma kikombe chake kitupu na kuinuka.

Mama Nasir alizima moto. Hakupaza sauti.

"Ulijua?"

Gathii angeweza kusema hakujua. "Nilijua, Mama Nasir. Yalikataliwa kwa ushirika."

"Na yangu yalikuwa mazuri," alisema Mama Nasir, akiitazama sufuria. Akakusanya vikombe mezani kimoja kimoja, hata Gathii akatamani atukanwe tu. "Usiniletee tena mpaka huko wayapokee. Wakiyapokea, uje."

Gathii alikimbia dukani, akanunua maziwa ya pakiti kwa fedha zote alizokuwa nazo, akarudi nayo. Kisha akaitoa nje ile sufuria, akaisugua hadi makwapa yakalowa, ingawa hakuna aliyemwambia.

Hakuenda nyumbani. Alirudi kituoni kwa miguu, akamngoja Lenah amalize kazi, akamwambia mambo yote, hata ya hoteli. Lenah alimsikiliza huku akiosha mikebe, na akamwacha aone: kwanza maji ya baridi kuondoa maziwa, halafu maji moto na sabuni na brashi, kisha kusuuza na kuuinamisha mkebe juani ukauke. Akamwazima mmoja wa kituo. Gathii aliuliza kama baridi inaweza kuyasafisha maziwa machafu. Lenah alicheka kidogo. "Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu. Uchafu ukiuingiza, umeingia."

Jioni, kama Lenah alivyomwelekeza, aliondoa tope zizini kabla ya kukama. Alinawa, akaosha viwele kwa maji ya uvuguvugu, kila ng'ombe na kitambaa chake, akavikausha. Matone ya kwanza ya kila chuchu aliyakamia kikombeni akayatazama kama yana mabonge au damu. Aliyachuja maziwa kwenye mkebe, akaushusha ndani ya karai la maji ya kisimani, akafunika. Maji yalipopata joto aliyabadilisha. Aliingia ndani, akatoka kuushika mkebe, akaingia, akatoka tena. Kulipopambazuka, maziwa ya asubuhi aliyaweka kwenye ndoo yake yenyewe yenye kifuniko, na alimpigia Kipkirui simu mara tatu.

Foleni ilikuwa ile ile. Lenah alinusa mkebe, akachota, akatia spiriti, akatikisa. Gathii aliangalia viatu vyake. Alipoinua macho, kioo kilikuwa laini, bila kipande. Ya ndoo nayo yakapimwa peke yake, yakapita. Lenah aliinua mkebe akauinamisha kwenye tangi, kisha ndoo, na tayari alikuwa akimwita anayefuata.

Gathii alisogea pembeni, lakini hakuondoka. Alisimama pale akisikiliza tangi likinguruma, mkebe mtupu mkononi, mpaka mtu akamwomba apishe njia. Ndipo akauliza maji ya kuoshea mkebe yako wapi.