Abebaw wa Kwanza Kwenye Folda

Surafel ana akili nyingi, ila haraka yake ni kubwa kuliko akili. Nasema hivi kwa sababu ni binamu yangu, tumelelewa nyumba moja hapa Addis Ababa, na sote wawili tunakula kwa kuandika programu. Watu wa mtaani humwita fundi. Mimi nimemwona akiungua ulimi kwa shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, kila siku ya mfungo, na hajifunzi.

Mtaa wetu ulikuwa unabomolewa. Kila familia ilishaonyeshwa pa kwenda, hawa kaskazini, wale kusini. Kabla hatujatawanyika, idir yetu, chama chetu cha kufa na kuzikana, iliamua tukae kwenye hema la matanga siku moja pamoja na marehemu wetu wote. Picha zao zichapwe kubwa, zitundikwe, tuwalilie kwa pamoja mara ya mwisho. Gashe Worku, mwenyekiti, alimfuata Surafel.

"Wewe mtoto wa kompyuta," alimwambia, "hizi picha nyingine zimeliwa na mende. Zisafishe. Na usituzungushe njoo kesho, njoo kesho, kama fundi cherehani."

Surafel akapita nyumba hadi nyumba akizipiga kwa simu. Picha ya baba yake, Abebaw, ilikuwa ukutani kwao: askari kijana, kofia mkononi. Abebaw alikwenda vitani Surafel akiwa bado tumboni, na hakurudi. Picha nyingine hakuna. Mama mkubwa Asnakech, mama yake Surafel, alikuwa akikifuta kioo cha picha ile kila asubuhi kabla ya kuwasha mkaa wa kahawa.

Surafel aliipiga ikiwa ndani ya kioo, ikatoka na mng'ao wa dirisha shavuni. Hakuridhika. Akataka kuitoa kwenye fremu aipige vizuri zaidi. Kumbe unyevu wa miaka yote ile ulishaigandisha karatasi kwenye kioo. Alipoivuta, uso ulibaki kwenye kioo vipande vipande na karatasi ikatoka nyeupe.

Mama mkubwa alilia, halafu, kama kawaida yake, akaanza kumbembeleza aliyemliza.

"Si unayo kwenye simu? Basi. Itengeneze hiyo hiyo."

Simu ilikuwa imejaa, kwa hiyo Surafel alizihamishia picha zote kwenye kompyuta, kisha akazifuta kwenye simu. Akakaa chini kuandika programu.

Nimeisoma baadaye. Imeandikwa kwa lugha ya Python, fupi, haijazi hata ukurasa. Inafungua folda, inapanga majina ya picha kwa alfabeti, halafu inazichukua moja moja. Kila picha inapitishwa kwenye maelekezo matatu: ondoa mikwaruzo na mng'ao, fanya uso uonekane wazi, tia rangi. Kwa kila elekezo inatuma picha kwa huduma ya kuhariri picha mtandaoni, inapokea picha mpya na kuihifadhi. Kitanzi ndani ya kitanzi, yaani marudio ndani ya marudio, kazi safi. Isipokuwa mstari mmoja. Picha mpya aliihifadhi kwa jina lile lile, kwenye folda ile ile, juu ya ile ya zamani.

Sasa, huduma hizi hazifuti doa kama mtu anavyofuta meza. Zinaichora picha nzima upya, na kila zinapochora, uso unasogea kidogo. Ukisogea mara moja huoni. Na huduma yenyewe ina kikomo cha maombi kwa dakika. Programu ilikuwa inaomba mbio mbio kama mwenyewe alivyo, ikakataliwa, ikafa katikati ya kazi. Angeiambia isubiri kidogo na ijaribu tena, na iziruke picha zilizokwisha. Hakufanya hivyo. Kila ilipokufa aliianzisha upya, na kila ilipoanza upya ilianzia herufi A.

Waliokuwa mwisho wa folda, akina Yohannes na Zeritu, walipita mara moja tu, wakatoka wazuri. Abebaw alikuwa wa kwanza. Yeye alipita kila safari.

Surafel alituita Jumapili tulipotoka kanisani. Mama mkubwa aliketi, netela yake nyeupe bado kichwani, na Surafel akamgeuzia kompyuta. Humo mlikuwa na kijana mzuri, sare ya kijani, ngozi laini, macho maangavu. Sijapata kumwona Surafel na furaha kama ile.

"Mtazame, mama. Ana macho yangu."

Mama mkubwa alisogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Huyu ni nani?"

"Baba."

"Mwanangu, mimi nimemwosha miguu baba yako. Huyu simjui."

"Ni rangi tu, mama. Umemzoea bila rangi."

"Usinifundishe mume wangu."

Nilimnyang'anya kompyuta. Nikatafuta picha ya kwanza kwenye folda, kwenye kapu la taka, kwenye simu. Kwenye simu alishalimwaga hata hilo kapu.

"Hukunakili?" nikamuuliza. "Mtoto wa mwaka wa kwanza ananakili. Wewe ulikuwa unakimbizwa na nani?"

Hakunijibu kwa hasira. Afadhali angenijibu kwa hasira.

"Sikuona, Hirut," alisema. "Nilikuwa nikimfungua kila mara kumtazama, na sikuona akibadilika. Ningejuaje? Mimi ile picha ndiyo baba niliyekuwa naye."

Nikamrudishia kompyuta.

Mama mkubwa ndiye aliyesema tujaribu tena. Alisema uso wa mumewe anao, hauhitaji karatasi, yeye ataueleza na mwanawe aandike. Nikaweka kahawa. Akaeleza: paji pana, pua imepinda kidogo kushoto kwa teke la nyumbu, mdomo wa mtu anayetaka kucheka akajizuia. Surafel aliyageuza maneno yake kuwa maelekezo, mengi, kila moja tofauti kidogo na lenzake, akaandika kitanzi kingine kiyapitishe yote kwenye picha ile. Safari hii kila jibu lilipata namba yake, kila ombi likasubiri zamu yake. Kazi ya mtu mwangalifu.

Wanaume wakaanza kuja mmoja mmoja kwenye kioo cha kompyuta.

"Si huyu," alisema mama mkubwa. "Huyu ana kiburi. Abebaw kiburi hakuwa nacho."

"Na huyu?"

"Huyu ni mkusanya kodi."

Tulicheka, hata yeye. Akakataa mwingine kwa sababu ya masikio, mwingine kwa sababu ya kidevu. Surafel alikuwa akirekebisha maelekezo na kuendesha tena. Kikombe cha kwanza kikaisha, cha pili kikaisha, na nikaona majibu ya mama mkubwa yanachelewa.

"Huyu… labda," alisema. "Pua inakaribia."

Surafel akainuka nusu kitini. "Huyu, mama?"

"Au yule aliyetangulia. Mrudishe." Akamtazama aliyerudishwa. "Pua ilipinda kushoto, au kushoto kwangu mimi nikimtazama?" Alituuliza sisi, sisi ambao hatukuwahi kumwona. "Masikio… nilisemaje kuhusu masikio?"

Surafel alimsomea alichokuwa amesema. Mama mkubwa alisikiliza kama anayesikia habari za mume wa jirani. Mwanamume mwingine alipofunguka kwenye kioo, mama mkubwa aliweka kiganja juu yake.

"Zima."

"Mama, bado wapo wengine, tumekaribia."

"Zima, mwanangu. Nilipokaa hapa nilikuwa naye."

Surafel aliifunga kompyuta. Mama mkubwa akafumba macho, mikono mapajani, midomo ikichezacheza kama anayeita mtu kwa sauti ya chini. Alipofumbua hakututazama.

"Wanakuja hao hao wa kompyuta," alisema. "Yeye haji."