Picha ya Mtu wa Mauzo

Picha ya mhasibu ilikuja na mkono wa mtu begani. Mkono tu, wenye saa ya kung'aa na kucha zilizotunzwa. Mwenye mkono alikuwa amekatwa nje ya picha, nami sikuuliza. Ya dereva ilipigwa juani, kofia imemtia macho gizani, akaniambia, "Macho utayaweka tu, si unanijua?" Fundi mkuu wa pampu alijipiga mwenyewe, simu ikiwa chini ya kidevu, na pua ikamtangulia. Dada wa mapokezi alituma picha iliyopitishwa kwenye zile programu za kulainisha uso, hana mkunjo wala kidoa, kama yai lililomenywa. Mkurugenzi akatoa ya pasipoti, ya zamani, uso wa mtu anayesubiri hukumu.

Kutokana na mkorogo huo nilitakiwa nitoe familia moja. Kampuni ilikuwa inauza na kutengeneza pampu za maji, na tovuti yake mpya ilihitaji ukurasa wa wafanyakazi, wote wachorwe kwa mtindo mmoja, mteja akifungua aone watu wa nyumba moja, si abiria waliokutana kituoni.

Kazi hiyo niliipata kwa dada yangu. Ndiye mkuu wa utumishi pale, na ndiye aliyenitoa kwenye duka la uchapaji nilikokuwa nikipanga kadi za harusi na mabango ya mahubiri. Alinikuta nyumbani kwa mama, nikiwa naosha vyombo, akasema, "Acha hilo duka. Njoo kwa muda, chora hao watu. Ukurasa ukipanda hewani, mkataba wa kudumu unausaini. Nafasi ya mbunifu ni yako, nimeshazungumza." Mama akashika kichwa kwa furaha. Mimi nilimwamini papo hapo. Dada huyu alinibeba mgongoni mama alipokuwa anaugua, akanisuka nywele, akanifundisha kuandika jina langu. Usipomwamini huyo utamwamini nani? Kesho yake niliaga dukani, na mwenye duka aliyenuna akaweka mtu mwingine wiki hiyohiyo.

Basi nikaanza. Watu hudhani kuchora nyuso za namna moja ni kuzipitisha zote kwenye mashine moja kama nyama ya kusaga. Ukifanya hivyo picha mbaya inabaki mbaya, ila sasa ina rangi. Mimi nilianza na sheria. Kila mtu ndani ya duara lenye ukubwa mmoja, nyuma rangi moja ya kijani kilichopauka. Macho ya wote yakae kwenye mstari mmoja. Ukubwa wa kichwa nipime kuanzia kidevu hadi nyusi, si hadi nywele zinapoishia, maana dada wa mapokezi ana nywele za kwenda juu na fundi mkuu ana upara. Ukipima hadi juu, mmoja anakuwa mtoto na mwingine jitu. Mwanga utoke kushoto juu kwa wote. Kila uso rangi tatu tu: ya mwanga, ya kati na ya kivuli. Na kila mtu nimchore kwa ukubwa uleule tangu mwanzo, kwa sababu ukimchora mdogo halafu ukamkuza, mistari nayo inanenepa na jirani zake wanamcheka.

Fundi mkuu nilimrudisha. Nilimwambia ampe mtu simu, asimame hatua chache mbali, apigwe usawa wa macho, ndipo pua yake ikarudi nyumbani. Dada wa mapokezi nilimwomba picha isiyolainishwa, akanuna, akaleta, na humo nikakuta vishimo viwili vya mashavu ambavyo ile programu ilikuwa imevifukia. Mwanga wa mhasibu ulitoka kulia. Mvivu angeigeuza tu picha kama kwenye kioo na kumaliza, lakini mhasibu ana alama ya kuzaliwa shavu la kulia, na mtu anayejua alama yake haikubali upande wa pili. Nikamwacha alivyo, nikahamisha vivuli kimoja kimoja.

Wengi hawakuwa na mabega. Picha zao zilikatwa shingoni, au mabega yalikuwa chini ya mkono wa mtu, au yamevaa fulana ya timu. Nikavaa shati la kampuni, nikasimama mbele ya dirisha, nikamwomba dada anipige. Nikachora mabega yangu mara moja, kwa utulivu, kisha nikayaweka chini ya kila kichwa kilichokosa, nikiyapanua hapa, nikiyashusha pale kulingana na mwili wa mwenyewe. Dada alicheka sana siku hiyo. "Kumbe nusu ya ofisi wewe ndiye umeibeba," akasema. "Na wewe jichore, usijisahau." Nikajichora. Nikajiweka mwisho wa safu ya mwisho, kama mpishi anayekula baada ya wageni.

Kazi ilikaribia kuisha ndipo dada akaja na picha moja zaidi. Aliniletea mwenyewe kwenye simu yake, akavuta kiti, akakaa karibu nami.

"Huyu anaingia mauzo," akasema. "Mkurugenzi anataka awemo."

Picha ilikuwa mbaya kuliko zote. Mwanamume wa makamo kwenye sherehe ukumbini, taa za kijani zimempiga upande mmoja na za zambarau upande mwingine. Huwezi kuchagua rangi ya ngozi ya mtu kutoka kwenye picha ya namna hiyo. Utamtoa kama mjusi. Nikamwambia dada aniletee nyingine, hata ndogo, hata ya zamani, mradi imepigwa kivulini mchana. Akaileta. Ile ndogo nikaitumia kwa rangi, ile ya ukumbini kwa umbo, kwa kuwa ndiyo pekee iliyoonyesha taya na kope. Niligombana na uso huo kuliko uso wowote. Mabega nikampa yangu.

Dada alisimama nyuma ya kiti changu muda mrefu.

"Mpe macho ya upole kidogo," akasema.

"Macho yake ni makali kwenye picha zote mbili, dada."

"Kidogo tu. Watu wampokee."

Nikampa. Sikubadilisha kope, nililegeza tu mstari wa chini ya jicho, na mtu mkali akawa mtu unayeweza kumuuliza njia. Dada akaniwekea mkono kichwani. "Una mkono wewe," akasema. Nikamkabidhi michoro yote aipeleke kwa watu wa tovuti, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha kama mjinga, na nasema mjinga kwa sababu ndivyo nilivyokuwa.

Siku ya uzinduzi tulikusanyika chumba cha mikutano. Mkurugenzi akazungumza maneno yake, taa zikapunguzwa, ukurasa ukatokea ukutani. Watu wakaanza kujitafuta. Dereva akasema, "Tazama, ana macho huyu," na watu wakacheka. Dada wa mapokezi akagusa mashavu yake bila kujua. Fundi mkuu akatoa simu akapiga picha ya ukuta, nikajua ni ya kumpelekea mkewe. Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia kwenye kadi za harusi. Walikuwa watu wa nyumba moja, na kila mmoja alikuwa yeye.

Kisha ukurasa ukateremshwa hadi safu ya mwisho. Pale mwisho, mahali pangu, alikuwa amekaa mtu wa mauzo mwenye macho ya upole. Chini ya jina lake pameandikwa: Mbunifu.

Nikasoma tena. Nikatafuta juu, labda nimehamishwa. Sikuwemo. Mabega yangu yalikuwa chini ya vichwa vya watu chungu nzima, kichwa changu hakikuwa popote.

"Na wewe uko wapi?" mhasibu akaniuliza, kwa nia njema kabisa, na kwa sauti ya kutosha chumba kizima.

Nikamtazama dada. Alikuwa anasoma kitu kwenye simu ambayo kioo chake kilikuwa kimezima.

Watu walipoanza kutoka, yule bwana akanifuata. Ana kwa ana macho yake yalikuwa makali vilevile. Ni mdogo wa mke wa mkurugenzi, aliniambia mwenyewe, hana habari kwamba ananipasua. "Ahsante sana, dada. Nyumbani wameniambia sijawahi kutoka vizuri hivi. Nimeambiwa utaniachia faili za michoro zenye tabaka zote za mistari na rangi, na zile sheria zako, ili akija mfanyakazi mpya nimchore alingane na wenzake."

"Umeambiwa na nani?"

"Mkuu wa utumishi," akasema.

Nilimkuta dada kwenye chumba cha kuhifadhia karatasi, anahesabu rimu ambazo hakuna aliyemtuma kuzihesabu. Nikafunga mlango. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema nguo yenyewe uliivalishwa na nani.

"Ulijua tangu lini?"

Hakugeuka. "Kabla ya kukuletea picha yake."

"Kwa hiyo ulikaa pembeni yangu ukanitazama namchora."

"Ungefanya nini ungekuwa mimi? Mkurugenzi aliniita, akasema ofisi si ukoo wetu. Akasema nichague, wewe uingie au mimi nibaki. Nina watoto, mdogo wangu."

"Yeye analeta shemeji, halafu sisi ndio ukoo?"

"Usinifundishe, najua."

"Ungeniambia. Usiku uleule ungeniambia, nirudi dukani nikaombe kabla hawajaweka mtu."

"Walikuwa wameshaweka," akasema, na kweli walikuwa wameshaweka. Hapo nilitaka kumhurumia. Alikuwa amebanwa, na mtu aliyebanwa huuma kilicho karibu. Ningeweza kulibeba hilo. Nilibakiwa na swali moja tu, nikaliuliza kwa upole, nikitumaini atasema aliona haya, au alikosa maneno, au alitaka niwe na furaha siku chache zaidi. Jibu lolote la namna hiyo ningelipokea.

"Kwa nini ulisema ni wa mauzo?"

Ndipo akageuka. Alinijibu bila hila, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi.

"Ningekuambia ukweli, usingemchora vizuri. Ungemharibu, na ukurasa wote ungeharibika."

Nikafungua mlango nikatoka.

Kwa sababu ningemchora vizuri. Ningelia kwanza, ningemtukana yeye na shemeji zake wote, kisha ningenawa uso, nikakaa, nikatafuta rangi yake ya kweli kwenye ile picha ndogo. Ningempa mabega yangu hayohayo. Sijui kumharibu mtu kwa kalamu, sijawahi kujua, na kama kuna mtu mmoja duniani aliyepaswa kulijua hilo bila kuambiwa, ni yule aliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza. Nafasi angeweza kuitoa akabaki dada yangu. Lakini alikuwa amenitazama miaka yote hiyo, karibu kuliko mama, na mtu aliyemwona hakuwa mimi.