Nyumba Isiyopigiliwa Msumari

Tangu wahamie nyumba yao ya mkopo, msusi alikuwa akichana nywele zake amechuchumaa, maana kioo kilikaa sakafuni. Kilikaa sakafuni kwa sababu mumewe, mpima macho, alikataa katakata kutoboa ukuta. Ukuta ni wa benki, alisema, na mali ya mtu haitobolewi. Saa ya ukutani ililala kitandani pamoja nao.

Kifungua mimba wao alipomaliza shule, ada ikabaki mfukoni kila mwezi. Mpima macho akafurahi kama aliyeokota: pesa zote zikapunguze deni, nyumba iwe yao mapema. Msusi hakutaka. Mkopo ule waliupata kupitia kazini kwa mume, riba asilimia tano isiyopanda, wakati mfuko wa uwekezaji wa dhamana za serikali ulikuwa ukitoa faida ya kama asilimia kumi baada ya kodi. Kukimbilia kulipa deni la bei rahisi hivyo, kwake, kulikuwa kutupa pesa.

Wakabishana wiki nzima, hadi wateja wa saluni wakaanza kupiga kura. Mwishowe wakaenda benki.

Afisa mikopo, dada mpole mwenye kikohozi, aliwaambia kila njia ina yake. Kulipa mapema ni faida ya hakika ya asilimia tano, haina presha. Mfuko hauahidi kitu. Faida yake inaweza kushuka. Mpima macho akamtazama mkewe kwa ushindi. Baba yake aliwahi kunadiwa nyumba kwa deni, akasema, na yeye alikuwa amebeba godoro barabarani watu wakitazama.

Msusi aliishi naye miaka yote hiyo bila kulijua hilo. Moyo ukamuuma, na kwa mara ya kwanza hakutaka kushinda. Akamgeukia afisa.

"Tukilipa za ziada mwaka mzima, halafu mume wangu akakosa kazi, mwezi unaofuata mtatusamehe?"

"Hapana, dada. Deni litakuwa limepungua, lakini rejesho la mwezi bado mnadaiwa. Na zile mlizozidisha hatuzirudishi."

"Na zikiwa kwenye mfuko?"

"Mnaomba, mnazipata baada ya siku chache. Mnalipia rejesho."

Mpima macho akahesabu kwa vidole. Kumbe alitaka kuzificha pesa palepale asipoweza kuzifikia siku ya shida.

"Basi ziende kwenye mfuko," akasema. "Lakini zikifika za kulipia marejesho ya mwaka mzima, kidogo tupunguze deni. Nilale."

Msusi akakubali. Njiani mume akaingia duka la vifaa, akatoka na nyundo na misumari. "Hii hawatainadi," akasema.

Jioni ile akapigilia wa kioo, wa saa, wa kalenda, kisha akaendelea, ukuta baada ya ukuta, mahali pasipo na kitu cha kutundika. Jirani akagonga kulalamika. Msusi akamwomba radhi, akafunga mlango, akampa mumewe msumari mwingine.