Vikapu Arobaini vya Badrani

Na ijulikane kwa kila asomaye kwamba hii ni habari ya Badrani bin Shihabu, nguzo ya jeshi la sultani, tishio la Wafaranji, mbomoaji wa ngome kwa nguvu za mkono wake. Mkono ulikuwa wake kweli. Ila ulisaidiwa na mikono ya wenzake mia moja, na ngome ya Wafaranji hao ilikuwa bado imesimama.

Badrani alikuwa msimamizi wa wavuta kamba. Manjaniki yao, mtambo wa kurushia mawe, ilikuwa boriti juu ya mhimili: ncha fupi ina kamba kumi, ncha ndefu ina kombeo lenye jiwe. Yeye hupiga ukelele, watu mia huvuta kwa pamoja, jiwe huruka. Ilikuwa na kasi; kabla hujamaliza zeituni moja mdomoni, jiwe jingine limeshakwenda. Lakini mmoja akipiga chafya, jiwe linapotea njia, na ikifika alasiri mikono imelegea kama bamia iliyoiva. Tena mawe yalikuwa ya kubebwa begani na mtu mmoja, na ili yafike ilibidi wasimame palipofika mishale. Wiki tatu, na mnara wa lango ulikuwa na mikwaruzo tu.

Ndipo akaja Ustadhi Mukhlisi kutoka Mosuli na manjaniki ya aina nyingine. Amiri akatangaza kwamba ikifaa, wavuta kamba hawatakuwa na kazi tena, basi watakwenda kujaza handaki chini ya ukuta. Badrani alilijua handaki lile. Waliokwenda kulijaza wiki ya kwanza walibaki humo humo.

Mashine mpya haikuvutwa na mtu. Kwenye ncha fupi lilining'inia sanduku la mawe na udongo, uzito wa fahali ishirini. Watu wachache walizungusha magurudumu mawili ya kamba, wakaishusha ncha ndefu hadi chini na sanduku likapanda juu. Kombeo lililazwa kwenye mfereji wa mbao chini ya boriti, na ndani yake jiwe la kubebwa na watu wanne, lililochongwa hadi lilingane na wenzake kwenye mizani. Ustadhi akagonga kifungo kilichoizuia boriti. Sanduku likashuka, boriti ikapanda, kombeo likazunguka likichelewa kidogo nyuma yake, kisha kitanzi kimoja kikachomoka kwenye kulabu na jiwe likaenda zake hatua mia mbili, mbali na mishale yote.

Kwa saa moja yalirushwa mawili tu. Wavuta kamba wakacheka. Yalipofika matatu wakanyamaza, maana yote yalipiga sehemu moja ya mnara, na ufa ukaonekana.

Adhuhuri, mafundi walipolala kivulini, sanduku likiwa limening'inia chini, Badrani na watu wake wakalipandia kwa ngazi. Wakachimba shimo katika udongo, wakamwaga vikapu arobaini vya mawe, wakafukia. Kuleibu, mtoto wa ami yake, aliuliza kama hilo litatosha.

"Sisi tukivurugwa kidogo tu, jiwe moja Shamu, jingine Misri," Badrani akamjibu. "Na hii itakosea ovyo vivyo hivyo. Jioni Ustadhi atafunga mizigo."

Mchana jiwe la kwanza likapita juu ya mnara, likavunja paa la zizi ndani ya mji. La pili likaangukia zizi. La tatu zizi.

"Mbona halikosei ovyo?" Kuleibu akanong'ona. "Linakosea pale pale."

Badrani alizidi kulitazama zizi.

Ustadhi hakufoka. Alipima kwa macho, akasema mawe yamepita hatua ishirini, yaani sehemu moja ya kumi. Mawe hayakupungua uzito, kulabu haikupindwa, kombeo halikufupishwa. Basi uzito wa sanduku ndio umezidi, karibu sehemu moja ya kumi. Akaamuru lichimbuliwe. Yakatoka mawe ya mto, ya mviringo, ya kubebwa begani na mtu mmoja.

"Watu wakikosea, kila mmoja hukosea kivyake, humjui mwenye kosa," alisema akiligeuza moja mkononi. "Hii ikikosea, inanionyesha kosa lenyewe. Haya mawe ya nani, Bwana Badrani?"

"Huenda yalinyesha, Ustadhi."

"Vikapu vingapi vilinyesha?"

"Arobaini," akasema Badrani, kisha akatamani kuumeza ulimi wake.

Akayatoa yote mwenyewe, kikapu kwa kikapu, watu wake wakitazama. Kesho yake mawe yalirudi kwenye ufa, na la tisa likauangusha mnara. Wafaranji wakaomba amani kabla ya alasiri. Handaki halikujazwa na mtu.

Amiri alipouliza nani alijaza sanduku, Ustadhi alisema ni mvuta kamba mmoja, na amekwisha kuadhibiwa. Akaniangalia.

Naam, nimeandika "akaniangalia". Kuleibu anasoma nyuma ya bega langu na anacheka. Basi, ni mimi. Na vikapu vilikuwa arobaini na viwili.